Risiti ya kubadilisha fedha: jinsi ya kuikagua kabla hujaondoka dirishani

Nimekaa nyuma ya kioo cha duka la kubadilisha fedha za kigeni kwa miaka kadhaa. Kitu kimoja nilikiona kila siku: mteja anapokea risiti, anatoa simu, anazidisha kiasi mara kiwango, jibu linalingana na lililochapishwa, anaridhika na kuondoka. Hesabu hiyo haimsaidii kitu. Kuzidisha kunafanywa na kompyuta, na kompyuta haikosei kuzidisha. Kinachokosewa ni namba ambazo mtu ameingiza kabla ya kuzidisha, yaani kiwango na kiasi, na baada ya hapo zile noti zinazohesabiwa kwa mkono. Kwa hiyo ukaguzi wa maana unaanzia kwenye fedha uliyoishika na kurudi nyuma hadi kwenye ubao.

Nitatumia mfano wa dada mmoja aliyerudi dirishani kwangu siku moja. Namba nimezirekebisha ili hesabu iwe nyepesi, lakini kosa ni lilelile. Alikuwa na dola 1,240 na alitaka euro.

Hatua ya 1: Jua ni namba ipi ya ubaoni inayokuhusu

Ubao ulisomeka hivi: USD, kununua 0.8920, kuuza 0.9480. Maneno "kununua" na "kuuza" yanasemwa upande wa duka. Ukileta dola, duka ndilo linalonunua, kwa hiyo reti yako ni 0.8920. Hata risiti itaandikwa "ununuzi" ingawa wewe unajiona umekuja kununua euro.

Kuna mbao zinazoandika kinyume: badala ya kusema dola moja ni euro ngapi, zinasema euro moja ni dola ngapi. Hapo namba ya kununua ndiyo inakuwa kubwa, na badala ya kuzidisha unagawanya. Ukichanganyikiwa, piga hesabu kwa namba zote mbili. Ile inayokupa kidogo ndiyo yako. Duka haliwezi kukupa ile nyingine, maana lingekuwa linafanya biashara ya hasara.

Sasa soma maandishi madogo ya chini. Maduka mengi hununua noti ndogo kwa bei ya chini kuliko noti za 50 na 100, na mengine hushusha pia kwa dola za matoleo ya zamani. Kwenye ubao wetu mstari huo ulisema: noti za 20 kushuka chini, 0.8700. Nakiri kwamba uliandikwa kwa herufi ambazo mtu mwenye miwani angeinama kuzisoma.

Andika namba hizo tatu kwenye kikaratasi, pamoja na saa. Ubao unaweza kubadilishwa mchana, na kama huna namba uliyoiona ulipofika, huna cha kulinganisha.

Hatua ya 2: Uliza kiasi cha mwisho kabla hujasukuma fedha

Usiulize "dola shilingi ngapi" au "reti yenu ni ngapi". Uliza: "Nikikupa noti hizi, mkononi napata ngapi kamili, baada ya makato yote?" Swali hilo linamlazimisha keshia aangalie aina ya noti, ada na kila kitu kwa pamoja. Jibu lake liandike.

Na kabla ya kumpa, hesabu noti zako kwa mafungu. Dada yule alikuwa na noti kumi za 100, na dola 240 zilizobaki zilikuwa za 20 na 10. Alijua jumla yake, ila mafungu hakuyafikiria, na mafungu ndiyo yaliyokuja kuleta shida.

Hatua ya 3: Hesabu ulichopewa, hapohapo, mbele ya kioo

Hili lina siri zake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gawa noti kwa thamani na uhesabu kila fungu ukizitenganisha moja moja. Noti iliyokunjwa katikati ya bunda huhesabika mara mbili ukihesabu kwa kupekua pembe. Zinyooshe zote kwanza.

Ukikuta pungufu na ukarudisha bunda ili keshia aongeze, anza kuhesabu upya kutoka noti ya kwanza litakaporudi. Usihesabu noti iliyoongezwa tu. Ujanja wa zamani kabisa wa kazi hii ni huu: keshia anakubali kosa kwa unyenyekevu, anaongeza noti moja juu ukiona, na vidole vya chini vinaondoa mbili. Mteja ameshahakikisha bunda mara moja, kwa hiyo halihesabu tena. Wenzangu wengi ni waaminifu, lakini ukihesabu upya hakuna mwaminifu atakayekasirika.

Kama keshia amekurudishia noti zako zilizochakaa au zilizochanika, jumla ya dola kwenye risiti lazima ipungue kwa kiasi hichohicho. Hapa ndipo pia unaweza kuona kwamba kiasi kilichoandikwa si ulichotoa.

Dada yule alihesabu euro 1,075.

Hatua ya 4: Tafuta reti halisi

Sasa sahau risiti kidogo. Chukua fedha uliyoishika na uigawe kwa fedha uliyotoa:

```
reti halisi = ulichopokea ÷ ulichotoa
1,075 ÷ 1,240 = 0.8669
```

Ubao unasema 0.8920, na hata reti ya noti ndogo ni 0.8700. Reti halisi imeshuka chini ya zote mbili. Mgawanyo huu mmoja unatosha kukuambia kwamba kuna kitu cha kuuliza. Kama ungebaki kati ya 0.8700 na 0.8920, huenda ni mchanganyiko wa noti tu. Ukiwa chini ya zote, kuna makato, au fedha imepungua njiani.

Hatua ya 5: Lieleze pengo lote, hadi senti

Kwa reti ya juu, dola 1,240 zingetoa euro 1,106.08. Aliyoshika ni 1,075. Pengo ni euro 31.08. Kazi sasa ni kuligawa pengo hili kwa sababu zake, na ndipo unapofungua risiti. Yake ilisomeka hivi:

```
USD 1,240.00 x 0.8700 = EUR 1,078.80
Ada                          3.00
Jumla                    1,075.80
```

Ona kwamba hesabu ya risiti ni safi kabisa. Mtu wa kuzidisha asingepata kosa. Lakini angalia reti: dola zote, pamoja na zile 1,000 za noti za 100, zimeingizwa kwa bei ya noti ndogo. Keshia aliona bunda lina noti za 10 na 20 juu, akachagua mstari wa noti ndogo, akaandika jumla yote. Ni kosa la haraka, na mimi mwenyewe nimewahi kulifanya.

Pengo linagawanyika hivi. Noti ndogo, dola 240, kila moja imepungua 0.0220, hiyo ni euro 5.28, hii ni halali kwa kuwa imeandikwa ubaoni. Noti kubwa, dola 1,000 kwa tofauti hiyohiyo, ni euro 22.00, hii si halali. Ada ni 3.00. Na senti 80 za mwisho hazikuandikwa popote, ziliachwa tu kwa kukosa chenji. Jumlisha: 5.28, 22.00, 3.00 na 0.80. Inatoka 31.08, pengo zima limeelezwa.

Likibaki pengo ambalo halielezeki, angalia ukubwa wake. Likiwa sawasawa na noti moja, 5, 10, 20 au 50, basi ni hesabu ya mkono iliyokosewa, wala si reti. Likiwa asilimia kamili ya jumla, kwa mfano 1 au 2, ni kamisheni ambayo imekatwa kimyakimya. Likiwa kubwa sana, linganisha tarakimu za reti ya risiti na ya ubao: huenda 0.8920 imeingizwa 0.8290, na kosa la kubadilishana tarakimu huacha tofauti inayogawanyika kwa 9. Hapa tofauti ni 630 ukiondoa nukta, na 630 gawa kwa 9 ni 70 kamili. Wahasibu wanaijua sana hii.

Reti unayoiona mtandaoni usiilete dirishani. Ile ni bei ya katikati ya soko, duka halijakuahidi hiyo. Unachoweza kudai ni kilichoandikwa ubaoni na ulichoambiwa na keshia.

Hatua ya 6: Omba muamala ufutwe, usikubali kuuziwa upya

Dada alirudi na kikaratasi chake. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Kaka, noti zangu kumi ni za mia, lakini risiti imezisoma zote kama ndogo. Naomba tuzitenganishe." Sikuwa na la kubisha, maana alinionyesha mstari wenye kosa.

Kuna njia mbili za kurekebisha, na moja ni mtego. Keshia akikwambia "rudisha euro nikupe dola zako tuanze upya", uliza anazirudisha kwa reti ipi. Kama mfumo utasoma kwamba unanunua dola, utatozwa 0.9480. Euro 1,075 kwa reti hiyo zinarudisha dola kama 1,134 tu, na dola 106 zimeyeyuka kwa sababu ya kosa ambalo si lako. Unachotaka ni kufutwa kwa muamala wa kwanza kwa namba yake, kisha kuandikwa mwingine.

Wetu mpya ulikuwa na mistari miwili: dola 1,000 kwa 0.8920, euro 892.00, dola 240 kwa 0.8700, euro 208.80. Jumla 1,100.80, toa ada 3.00, zinabaki 1,097.80. Nilimwongezea euro 22.80, safari hii pamoja na senti, ambazo niliziomba dirisha la jirani.

Ukipewa nyongeza tu mkononi bila risiti mpya, kataa. Karatasi uliyonayo bado inasema ulilipwa 1,075.80, na ukiulizwa baadaye na mwajiri au ofisi ya ushuru ulipata ngapi, hiyo ndiyo itakayosomwa. Chukua risiti mpya, na ya zamani iwe na mhuri au maandishi ya kwamba imefutwa, pamoja na saini ya keshia. Ziambatanishe zote mbili, na kikaratasi chako cha reti ukibane nyuma yake.