Ukiandika kuhusu kijana wako, geuza sentensi

Kila sentensi inayoanza na binti yangu, naigeuza ianze na mimi. "Amerudi macho yamevimba, hataki kusema" ikawa "Nimepasha wali mara mbili, nikasimama mlangoni kwake bila kubisha hodi." (Mfano huu kaniruhusu mwenyewe kuutoa.) Hofu ni yangu, naweza kuisema, kilichomliza ni chake. Njia hii inagoma pale msomaji anapomjua. Hapa Dar, ukitaja kidato, rangi ya sketi ya shule na kituo anachoshukia daladala, majirani wameshamtambua hata kama jina umeficha. Vitu hivyo navifuta, kisha namsomea yote kwa sauti. Akisema "mama, hapana," yanabaki daftarini, hata kama nimeyapenda sana.