Ujumbe uliofutwa kwenye WhatsApp: wenzio wanaona nini

Tuseme kundi la harusi kule Shela, na mtu ametuma humo bei ya mapambo iliyokuwa ya mshitiri peke yake. Akiufuta kwa wote, maneno yanaondoka, lakini mahali pake panabaki alama kwamba ujumbe umefutwa, pamoja na jina lake na saa aliyoutuma. Hii ni kwa sababu ujumbe ulishafika kwenye simu za watu; kufuta ni kuzitumia simu hizo amri nyingine ya kuyaondoa maneno. Simu isiyo na mtandao haijaipata, kwa hiyo mwenye simu hiyo bado anausoma.

Linalowaponza wengi ni jibu. Mtu akiwa ameshaujibu kwa kuunukuu, ile nukuu hubaki na bei yake wazi, basi mwombe naye afute jibu lake.

Akifuta admini, alama humtaja yeye. Ukijifutia mwenyewe tu, wenzio hawaoni alama yoyote, na ujumbe wanao.

Kwa tarakimu iliyokosewa, bora kuhariri ndani ya dakika 15: itaonekana tu kwamba umehaririwa.