Jinsi ya kuandika maoni ya tathmini ya muuguzi wa wodi

Mwaka wa fedha wa serikali ya Uganda hufungwa tarehe 30 Juni, na huo ndio wakati msimamizi wa wodi hukaa na rundo la fomu za tathmini. Penye maoni wengi huandika "mchapakazi, ana nidhamu" wakatia saini. Muuguzi anayesubiri kupandishwa cheo hapati kitu hapo.

Anza kwa kutoa malengo mliyokubaliana Julai. Tuseme muuguzi wa wodi ya watoto alikubali kwamba watoto wenye malaria kali watapata artesuneti ya sindano kwa wakati: wanapoanza, baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Kipimo chenu kilikuwa dozi 18 kati ya 20 zisichelewe zaidi ya saa moja.

Sasa chomoa mafaili ya zamu zake, matano kwa kila robo ya mwaka, usije ukahukumu mwaka mzima kwa yaliyotokea Juni. Soma chati ya dawa, dozi ya pili hasa, kwa sababu mtoto aliyeanza saa nane mchana huidai saa nane usiku. Ukikuta pengo, ulizia kabla ya kuandika: dozi isiyotolewa na dozi iliyotolewa bila saini ni makosa mawili tofauti.

Kisha kaeni wawili, mafaili yakiwa mezani, umsikilize. Baada ya hapo maoni yanaweza kusomeka hivi:

"Kati ya dozi 20 za pili zilizokaguliwa, 16 zilitolewa kwa wakati, lengo lilikuwa 18. Za mchana zote zilikuwa sawa na zina saini. Nne za usiku zilichelewa saa mbili hadi tatu, akiwa peke yake kwenye zamu. Kuanzia Julai ataandika saa ya dozi inayofuata kwenye daftari la kukabidhiana zamu, nami nitaomba muuguzi wa pili wa usiku. Tutakagua mafaili 10 mwishoni mwa Septemba."

Ile sentensi ya kuwa peke yake usiku msiiondoe, hata mkubwa wenu akinung'unika. Haimfutii kosa, inatenganisha lililo mikononi mwake na lile la uongozi, na kila upande umepewa kazi yake.

Alama, kuanzia 5 ambayo ni ya juu hadi 1, ziafikiane na maneno. Aliyepungukiwa na lengo hawezi kupewa 5 kwenye lengo hilo, na kumpa 1 wakati zamu zake za mchana hazina dosari ni kumwonea.

Mwisho mpe fomu aisome na ajaze sehemu yake. Asipokubaliana nawe, aandike sababu zake humo kabla ya kutia saini, ili afisa wa juu anayeidhinisha asome pande zote mbili.