Jinsi ya kujaza fomu ya maombi ya bajeti ya idara: mchanganuo, kasma, robo mwaka na tarehe za mwisho

Mwongozo huu ni wa wakuu wa idara na vitengo vya chuo, hapa Mtwara na kwenye kampasi ndogo ya Lindi, pamoja na wale wanaoachiwa kazi ya kujaza fomu wakati mkuu yuko safarini. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Fomu unayojaza Januari ni ya fedha utakazoanza kutumia miezi sita baadaye.

Faili linaitwa `BAJETI_IDARA.xlsx`. Ofisi ya fedha hulituma kwa kila idara Jumatatu ya kwanza ya Januari, likiwa na ukomo wa bajeti wa idara yako juu kabisa, kwenye kisanduku cha njano. Usitumie faili la mwaka jana. Orodha ya kasma hubadilika, na kasma iliyofutwa ikibaki kwenye mstari wako, mstari huo hauingii kwenye majumuisho ya chuo.

Kabla ya kufungua faili

Kaa na watu wa idara yako, mkiwa na vitu vitatu mezani: kalenda ya masomo, taarifa ya matumizi halisi ya idara hadi 31 Desemba (unaichukua kwa mhasibu wa matumizi), na daftari la safari la gari. Hilo la tatu watu hulisahau, kisha wanakisia kilomita.

Mishahara usiiandike, iko kwa utumishi. Umeme na maji ya majengo yako kwa utawala. Yanayobaki yanagawanyika makundi manne: matumizi ya kawaida (karatasi, wino wa printa, mafuta), safari na posho, matengenezo, na mali za kudumu. Mzozo huwa kati ya mawili ya mwisho. Kipimo tunachotumia ni hiki: je, kitu kitapigwa namba na kuingia kwenye rejesta ya mali? Kompyuta mpakato moja ni mali ya kudumu hata kama bei yake ni ndogo kuliko seti ya matairi, na matairi ni matengenezo hata yakiwa ghali. Ukiiweka kompyuta kwenye matumizi ya kawaida, ombi la ununuzi litakwama kwa afisa ugavi mwakani, kwa sababu kasma haina mali ndani yake.

Mstari mmoja unavyojazwa

Hapa ndipo fomu nyingi zinaporudi, kwa hiyo tuchukue mstari mmoja hadi mwisho. Idara inataka kwenda kukagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo Masasi na Nachingwea, safari mbili. Fomu ya kwanza iliandikwa hivi: "Usimamizi wa wanafunzi, 3,000,000." Basi.

Kamati ya bajeti ikiona kiasi kama hicho haina cha kujadili. Ikibanwa na ukomo, inaandika 2,000,000 na kwenda mstari unaofuata. Kumbe safari moja, kama utakavyoona, inagharimu 1,360,000. Idara imebaki na fedha za safari moja na chenji ya 640,000 isiyotosha kwenda popote. Mchanganuo ungekuwepo, kamati ingelazimika kusema wazi: tunaondoa safari nzima, au tunaondoa mkufunzi mmoja. Hapo mkuu wa idara angekuwa na la kujibu.

Fomu ina safu hizi: B shughuli, C kasma, D idadi, E mara, F bei ya kimoja, G jumla, kisha H hadi K ni robo nne za mwaka. Shughuli moja huvunjwa kwa kasma, mstari mmoja kwa kasma moja na kiwango kimoja. Kwa hiyo safari yetu inakuwa mistari mitatu.

Mstari wa kwanza ni posho ya kujikimu ya wakufunzi. Wanaondoka Mtwara Jumatatu, wanarudi Ijumaa. Hizo ni siku tano lakini ni usiku nne, na posho inahesabiwa kwa usiku wa kulala nje. Safari mbili ni usiku 8. Kwa mfano huu tuchukue kiwango cha 100,000. Cha kwako kisome kwenye waraka wa viwango uliomo kwenye faili, ukurasa wa pili. Wakufunzi 2 mara usiku 8 mara 100,000 ni 1,600,000.

Mstari wa pili ni dereva. Yeye ana kiwango chake, tuseme 80,000, ndiyo maana hawezi kujumlishwa na wakufunzi. Mtu 1 mara usiku 8 ni 640,000. Ukimsahau dereva hapa, mwezi wa safari utakuja kuomba masurufu ambayo kasma haina, na gari litabaki limeegeshwa.

Mstari wa tatu ni dizeli, kwenye kasma ya mafuta, wala si ya safari. Mtwara hadi Masasi ni kilomita 200 hivi, Masasi hadi Nachingwea kama 45. Kwenda na kurudi ni 490; ongeza 60 za kuzunguka vituoni, unapata 550. Daftari la gari linaonyesha kilomita 7 kwa lita, kwa hiyo lita 79, tunaandika 80. Kwa safari mbili, kwa bei ya mfano ya 3,000, ni 480,000. Bei halisi ichukue kwenye tangazo la EWURA linalotoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na usome bei ya mafuta yanayoingilia bandari ya Mtwara. Jedwali la Dar es Salaam si letu, na wapo wanaolinakili kila mwaka.

Jumla ya mistari mitatu ni 2,720,000. Ni pungufu ya zile milioni tatu, na kila shilingi ina maelezo.

Kosa la kuhesabu siku badala ya usiku linaonekana dogo. Katika mfano huu usiku mmoja wa ziada ni 280,000 kwa kila safari, yaani 560,000 kwa mbili. Mkaguzi wa ndani akiliona kwenye mstari mmoja, anaanza kuitilia shaka fomu nzima.

Usiongeze asilimia kumi ya "dharura" kwenye mistari. Fungu la dharura lipo moja, la chuo zima, na liko ofisi ya fedha.

Kwa vitu vya kununua

Ambatisha ankara kifani, na angalia chini yake kama bei ina VAT. Projekta iliyoandikwa 1,500,000 bila VAT itagharimu 1,770,000, kwa kuwa kodi ni asilimia 18. Idara ikiweka 1,500,000, mwakani inabaki na fedha zisizotosha kununua kitu chenyewe, na hakuna anayeuza projekta pungufu.

Jumla isiyojumlisha

Safu ya G usiijaze kwa mkono. Ina fomula tayari, na kwenye safu ya L kuna ya kuhakiki robo:

```
G7:  =D7*E7*F7
L7:  =G7-SUM(H7:K7)
```

L lazima isome 0. Ikisoma namba nyingine, mgawanyo wako wa robo haulingani na jumla.

Tatizo tunaloliona zaidi ni mtu kuandika bei kama anavyoiandika kwenye risiti: `100,000/=`. Kwa Excel hayo ni maneno, si namba. Ukiyaweka kwenye F, G inaonyesha `#VALUE!` na angalau unajua. Hatari ni ukifuta fomula na kuandika `1,600,000/=` ndani ya G yenyewe: G yenyewe haitoi onyo lolote, ni L tu itakayoonyesha `#VALUE!`, na jumla ya chini inauruka mstari huo kimyakimya. Utaitambua kwa macho. Namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Ukiona kiasi kimeegemea kushoto kwenye F, kiandike upya kwa tarakimu tupu: 100000; kwenye G, rudisha fomula. Mikato itajiweka yenyewe.

Ukihitaji mistari zaidi, ingiza katikati ya jedwali, usiandike chini ya mstari wa jumla.

Kugawa kwa robo

Kugawa kila kitu kwa nne ni kujitafutia matatizo. Sehemu kubwa ya ada huku kwetu huingia baada ya minada ya korosho kuanza Oktoba, wazazi wakishalipwa kupitia vyama vya msingi. Julai hadi Septemba sanduku huwa jepesi. Kwa hiyo samani, projekta na karatasi za akiba zipeleke robo ya pili.

Mafunzo kwa vitendo, hata hivyo, yako Agosti na Septemba, na mwanafunzi hakaguliwi Novemba wakati amesharudi darasani. Mistari yetu mitatu inakaa yote robo ya kwanza: 1,600,000, 640,000 na 480,000 kwenye H, sifuri kwingine. Safu ya mwisho, ya kipaumbele, andika 1 na neno "haiahirishiki", pamoja na wiki ya safari kutoka kalenda ya masomo. Ofisi ya fedha hutenga bakaa ya Juni kwa mistari yenye alama hiyo. Ukiiweka alama hiyo kwenye mistari yote ya idara, tutakurudishia fomu uchague upya. Kwa kawaida mistari isiyozidi mitano inatosha.

Safari za barabarani kwenda Dar es Salaam ni afadhali zisiwe Machi hadi Mei kama kuna hiari. Mei 2024 mvua zilikata barabara ya Lindi upande wa Somanga, na waliokuwa upande wa pili walilala huko kwa gharama isiyokuwa kwenye bajeti yoyote.

Kuwasilisha

Faili hurudishwa kwa baruapepe Ijumaa ya mwisho ya Januari, kabla ya saa 9:30 alasiri, pamoja na nakala moja iliyochapwa yenye saini ya mkuu wa idara na muhuri. Saini ya "kny" inakubalika iwapo barua ya kukaimu imeambatishwa. Kampasi ya Lindi ipeleke nakala kwa mhasibu wa kampasi siku hiyohiyo; isisubiri gari la kuja Mtwara.

Wiki ya pili ya Februari kila idara inaitwa mbele ya kamati kwa dakika 20. Njoo na aliyejaza mchanganuo. Fomu ikirudi na maoni, una siku 5 za kazi. Zikipita, kamati inatumia tarakimu za mwaka jana kwa idara hiyo, zikipunguzwa kufikia ukomo mpya.

Kilichoachwa nje hakiongezwi tena hadi mapitio ya nusu mwaka, Januari inayofuata. Hata hapo ni kwa kuhamisha fedha kutoka kasma yako nyingine yenye bakaa, kwa barua inayotaja kasma zote mbili na kiasi. Kutoka mali za kudumu kwenda posho haihamishwi.