SOMO: Namna ya kuandaa tangazo la maonyesho ya sayansi shuleni (makundi, vigezo vya alama na tarehe za mwisho)

Walimu wenzangu, tangazo likibandikwa wiki 3 kabla ya maonyesho, utaletewa volkano za magadi na siki, na mfano wa figo uliofinyangwa kwa udongo. Si kwamba wanafunzi ni wavivu. Ndani ya wiki 3 hakuna kingine kinachoweza kukamilika. Kwa hiyo anza na kalenda, makundi na alama vifuate.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe kurudi nyuma

Chukua mradi mrefu ambao ungependa kuuona mezani, uupime. Mimi hutumia mradi wa kuhifadhi mahindi kwa majani ya mwarobaini dhidi ya fukusi. Fukusi jike hutaga yai ndani ya punje, na kwenye joto la kama nyuzi 27 huchukua takriban wiki 5 mpaka mdudu mzima atoboe na kutoka. Mwanafunzi huweka wadudu kwenye chupa, baada ya siku 14 anahesabu waliokufa na kuwatoa wote, kisha anasubiri kizazi kipya. Hesabu ya mwisho inaangukia siku ya 56 hivi. Akiacha kuhesabu siku ya 14, atajua tu kama majani yanaua. Hatajua kama yanazuia kuzaliana, na hilo ndilo mkulima anataka kulijua.

Tuseme maonyesho ni Ijumaa 25 Septemba. Ripoti zifike wiki 2 kabla, yaani 11 Septemba, ili waamuzi wazisome. Ukirudi nyuma ukaacha siku kadhaa za kuandika, majaribio yaanze kabla ya 6 Julai, maana siku 56 kutoka hapo ni 31 Agosti. Likizo ya Juni iko njiani, kwa hiyo fomu zirudi kabla shule hazijafungwa: 29 Mei. Tangazo basi litoke 8 Mei.

Hatua ya 2: Makundi yawe machache

Manne yanatosha kwa shule moja: Biolojia na Kilimo; Kemia, Fizikia na Hisabati; Teknolojia; Jamii na Tabia. Hilo la mwisho walimu wengi hulisahau, ilhali hata mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanza 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland, yana nafasi ya sayansi za jamii na tabia. Ukigawa makundi kumi, utajikuta na kundi lenye mradi mmoja unaoshindana na kivuli chake.

Andika pia kwamba mwanafunzi huchagua kundi kwa swali lake, si kwa vifaa alivyotumia. Anayepima kama kengele ya simu inawasaidia wenzake kuamka kujisomea yuko Jamii na Tabia, hata kama simu ni teknolojia.

Hatua ya 3: Vigezo vya alama viwe ndani ya tangazo lenyewe

Usivifiche mpaka siku ya maonyesho. Mimi hufuata mgawanyo wa maonyesho ya kimataifa ya ISEF, wenye alama 100: swali la utafiti 10, mpango na mbinu 15, utekelezaji 20, ubunifu 20, uwasilishaji 35. Katika hizo 35, bango lina 10 tu na mahojiano 25. Wasomee wanafunzi mstari huo kwa sauti, kwa sababu wengi humaliza fedha kwenye rangi na karatasi za kung'aa.

Kisha weka mfano mmoja wa mbinu inayopata alama. Kwa fukusi: chupa 8 za aina moja, kila moja gramu 200 za mahindi safi ya gunia moja na wadudu 20. Chupa 4 zina majani makavu yaliyosagwa, uzito uleule kila moja, na 4 hazina kitu. Zote zifunikwe kitambaa chepesi ili hewa ipite, zikae rafu moja. Mwanafunzi mwenye chupa moja ya majani na moja tupu ana hadithi. Tofauti aliyoiona huenda imetokana na punje mbovu katika chupa mojawapo, naye hana njia ya kujua.

Hatua ya 4: Fomu na ruhusa

Fomu iwe ukurasa mmoja: jina, kidato, kundi, swali la utafiti, kitakachopimwa na kipimo chake, vifaa, na hatari. Mradi unaohusu watu, wanyama wenye uti wa mgongo au vimelea usianze kabla mwalimu hajasaini. Kuotesha bakteria nyumbani kukatazwe kabisa.

Tangazo lenyewe

> MAONYESHO YA SAYANSI YA SHULE, IJUMAA 25 SEPTEMBA
> Makundi: Biolojia na Kilimo; Kemia, Fizikia na Hisabati; Teknolojia; Jamii na Tabia.
> Kila mradi: mwanafunzi 1 hadi 3.
> Alama: swali 10, mbinu 15, utekelezaji 20, ubunifu 20, bango 10, mahojiano 25.
> Mwisho wa kurudisha fomu: Ijumaa 29 Mei, saa 10 jioni, kwa mwalimu wa maabara.
> Majibu ya fomu: 5 Juni. Usianze jaribio kabla ya kujibiwa.
> Mwisho wa ripoti: Ijumaa 11 Septemba. Njoo na daftari lako la kumbukumbu, hata kama limechafuka.

Maneno ya daftari kuchafuka niliyaongeza makusudi. Daftari lililonakiliwa upya usiku mmoja linajulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna palipokatwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Kemia, Dodoma: Fomu zikichelewa siku mbili tatu unazipokea?

Jibu: Napokea kama jaribio lake ni fupi. Wa fukusi simpokei akileta fomu Agosti, kwa sababu wadudu hawatafuata ratiba yangu. Namshauri ageuze swali: kuota kwa maharage yaliyolowekwa na yasiyolowekwa huonekana ndani ya siku 10 hivi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu: Shikamoo mwalimu. Kwenye chupa zangu zisizo na majani wadudu wengine nao wamekufa. Jaribio limeharibika?

Jibu: Marahaba. Halijaharibika, ndiyo kazi ya chupa hizo. Tuseme katika wadudu 80 wasio na majani wamekufa 8, yaani asilimia 10, na katika 80 wenye majani wamekufa 56, yaani asilimia 70. Toa 10 kwenye 70, upate 60, kisha gawa kwa 90, ambayo ni asilimia ya waliobaki hai bila majani. Unapata kama asilimia 67, na hiyo ndiyo athari ya majani. Wakifa wengi mno upande wa chupa zisizo na majani, tuseme zaidi ya 16 kati ya 80, rudia: huenda wadudu walikuwa wazee au chupa zilikosa hewa.

Mzazi, Morogoro: Mwanangu kaleta wadudu wadogo weusi, anasema ni fukusi. Mimi naona ni dumuzi.

Jibu: Mzazi, tumia kioo cha kukuzia. Fukusi ana pua ndefu iliyochongoka mbele. Dumuzi, ambaye wengi wanamwita skania, hana pua hiyo, kichwa chake kimejificha chini ya kifua, na huacha unga mwingi. Wasichanganywe chupa moja, na jina sahihi liandikwe kwenye ripoti.

Mwalimu, Kakamega: Huku kwetu miradi hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, mkoa, kisha taifa. Makundi yenu manne yatatufaa?

Jibu: Kwa ngazi ya shule yatafaa, lakini mwalimu, kwenye fomu ongeza nafasi moja ya kundi la KSEF, maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya, ambako mradi utaingia ukishinda. Vigezo vya kaunti ndogo visome mapema na ukipata tofauti, fuata vya kwao tangu shuleni.