Somo: Kuhesabu siku za viza ya Schengen muhuri unapogongwa karibu na saa sita ya usiku

Assalaam aleikum wanachama. Wengi wetu hapa Malindi tuna ndugu au mtoto Italia, na swali linalorudi kila mara ni moja: nimepewa siku 30, nimefika usiku, je, siku ya kwanza ni ipi? Nitalijibu kwa safari moja ya mama kutoka Shela, Malindi, anayekwenda kumtembelea bintiye Roma. Tarehe na saa nimezipanga mwenyewe ili hesabu ionekane wazi.

Kanuni za mpaka wa Schengen zinasema hivi: tarehe ya kuingia ndiyo siku ya kwanza ya kukaa, na tarehe ya kutoka ndiyo siku ya mwisho. Zote mbili zinahesabiwa. Hakuna anayehesabu saa. Ukiingia zikiwa zimebaki dakika 50 kufika saa sita ya usiku, hizo dakika 50 zimekula siku nzima. Tena muhuri wenyewe hauna saa: una herufi ya nchi, alama ya ndege, meli au gari, jina la kituo na tarehe.

Hatua ya kwanza: soma stika ya viza, si tarehe ya mwisho peke yake

Stika ya mama imeandikwa `FROM` 01-02-26 `UNTIL` 17-03-26, na chini yake `DURATION OF STAY` 30. Kuanzia tarehe 1 Februari hadi 17 Machi ni siku 45. Mtu anaona 17 Machi, anafurahi, anakata tiketi ya kurudi tarehe 16. Hapo ameshaharibu. Zile siku 15 za ziada huwekwa ili safari ikisogea mbele au nyuma usikose kuingia, wala hazikuongezei siku za kukaa. Ndani ya dirisha hilo la siku 45 una siku 30 tu, na zinaanza pale unapogongewa muhuri.

Hatua ya pili: jua ni uwanja gani utakaokugongea

Muhuri wa kuingia unagongwa mahali unapoingia eneo la Schengen mara ya kwanza. Kama mama anapitia Istanbul, Doha au Addis Ababa, huko anabadilisha ndege tu. Muhuri ni wa Roma. Akipitia Amsterdam, Paris au Frankfurt, muhuri ni wa huko, na safari ya kutoka hapo hadi Roma ni kama ya kutoka Malindi kwenda Nairobi, hakuna dirisha la pasipoti. Saa inayohesabika ni ya uwanja huo na si nyingine.

Hatua ya tatu: andika tarehe ya pale dirishani

Hapa ndipo familia nyingi hukosea, kwa hiyo tuende polepole. Mama anapitia Istanbul. Uturuki iko saa moja na Kenya mwaka mzima, basi simu yake haikubadilika hata dakika moja tangu atoke nyumbani. Ndege inatua Roma jioni ya tarehe 3 Februari. Foleni ni ya wastani, na anasimama mbele ya ofisa saa tano na dakika kumi usiku, 23:10 kwa saa ya Italia. Februari Italia iko nyuma yetu kwa saa mbili. Malindi wakati huo ni saa saba na dakika kumi usiku, tarehe 4.

Simu ya mama haijashika mtandao wa Italia, kwa hiyo inaonyesha tarehe 4. Anamtumia mwanawe aliyebaki Malindi ujumbe, "Nimeingia salama," na simu ya mwana nayo inauonyesha kuwa wa tarehe 4. Mwana anaandika 4 Februari kwenye daftari. Muhuri unasema 3. Ujumbe wa simu si ushahidi, muhuri ndio. Mwambie mzee wako apige picha ukurasa wa muhuri mara tu anapotoka dirishani, na hesabu ianze kwenye picha hiyo.

Ajiangalizie pia kabla ya kuondoka pale. Tarehe ya muhuri hubadilishwa kwa mkono, na usiku wa manane muhuri unaweza kubaki na tarehe ya jana. Hiyo hurekebishwa palepale kwa ofisa yuleyule, kwa dakika mbili. Ukiikumbuka baada ya wiki tatu, imekuwa kesi.

Hatua ya nne: ongeza 29, si 30

Tarehe ya kuingia tayari ni siku moja, kwa hiyo unaongeza siku 29. Kutoka 3 hadi 28 Februari ni siku 26. Zinabaki nne: 1, 2, 3 na 4 Machi. Siku ya 30 ni Jumatano tarehe 4 Machi. Anayetumia jedwali la kompyuta aandike:

```
=DATE(2026,2,3)+30-1
```

Mwana aliyeanza na tarehe 4 Februari anapata 5 Machi. Tofauti ni siku moja, na siku hiyo moja ndiyo inayoitwa kuzidisha muda.

Hatua ya tano: kwenye kutoka, tarehe ya tiketi na tarehe ya muhuri ni vitu viwili

Mwana alinunua tiketi ya kuondoka Roma tarehe 5 Machi, 00:45, akiamini ndiyo siku ya mwisho. Kwa hesabu sahihi tarehe 5 ni siku ya 31. Je, mama amekwisha zidisha? Bado. Muhuri wa kutoka haugongwi ndege inaporuka, unagongwa dirishani kabla ya kwenda kwenye lango la kupandia. Ndege ya 00:45 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 5. Mama akikabidhi mizigo na kufika dirishani saa nne na nusu usiku, 22:30 ya tarehe 4, muhuri utakuwa wa tarehe 4. Ametoka siku ya 30, hana kosa, hata kama ndege itaruka kesho yake.

Lakini mimi singemwacha mzazi wangu na tiketi hiyo. Kaunta ya mizigo ikichelewa kufunguliwa, au foleni ya pasipoti ikijaa, dakika 90 zinaisha bila kujijua, na ofisa wa saa sita na dakika tano atagonga tarehe 5 bila kukuuliza ulifika uwanjani saa ngapi. Badilisha tiketi iwe ya mchana wa tarehe 4, au bora zaidi tarehe 3. Gharama ya kubadilisha hulipwa mara moja. Kuzidisha muda hubaki kwenye kumbukumbu na utaulizwa kila unapoomba viza nyingine.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Tangu 12 Oktoba 2025 mfumo wa EES ulianza kuwekwa kwa awamu, na mpango ulikuwa ukamilike 10 Aprili 2026. Mfumo huo unaandika kuingia na kutoka kwako kwenye kompyuta, pamoja na picha ya uso na alama za vidole, badala ya muhuri. Mfumo unaweka hata saa, ila kanuni ya tarehe ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mashine inajihesabia yenyewe na kumtaja aliyezidisha, kwa hiyo lile tumaini kwamba ofisa hatafungua kurasa zote limekwisha. Usipogongewa muhuri, andika mwenyewe tarehe na saa ya pale dirishani na uhifadhi pasi ya kupandia ndege.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Lamu:* Mwalimu, nikiona nimefika 23:40, si niende msalani nikae nikapange foleni baada ya saa sita? Siku moja nimeokoa.

Kaka, kwa hesabu ni kweli, muhuri utakuwa wa tarehe inayofuata. Muda ulio kabla ya dirisha hujaingia bado. Lakini uwanja mwingine hupunguza maofisa usiku, na ukiwa na ndege ya kuunganisha utaikosa kwa ajili ya siku usiyoihitaji. Panga safari yenye siku mbili za akiba, ulale.

*Mwanachama, Watamu:* Dada yangu anarudi kutoka Milano kupitia Paris. Siku yake ya mwisho ni tarehe 10. Anaondoka Milano saa moja jioni ya tarehe 10. Yuko salama?

Muhuri wake wa kutoka ni wa Paris, si Milano. Ndege ya Milano ikitua mapema na akapita dirisha la pasipoti Paris kabla ya saa sita ya usiku, sawa. Ikichelewa saa kadhaa, muhuri utakuwa wa tarehe 11. Aondoke asubuhi.

*Mwanachama, Malindi:* Na ile siku wanayobadilisha saa Ulaya? Inaongeza au inapunguza siku?

Haigusi tarehe. Mwaka 2026 wanasogeza saa mbele Jumapili ya 29 Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya 25 Oktoba. Kinachobadilika ni tofauti yetu nao: majira ya baridi saa mbili, majira ya joto saa moja. Kwa hiyo wakati wa joto, ofisa akigonga 23:10, Malindi ni saa sita na dakika kumi, bado tarehe imeshabadilika huku. Kosa la daftari linabaki lilelile.

*Mwanachama, Mombasa:* Mimi nilishagongewa kutoka, kisha ndege ikafutwa, wakaturudisha hotelini ndani ya mji. Nahesabiwaje?

Ukirudishwa mjini, lazima muhuri ule wa kutoka ubatilishwe, kwa sababu umeingia tena. Usikubali kupita bila hilo, la sivyo pasipoti itaonyesha umetoka wakati uko ndani. Kama siku zako zinaishia usiku huohuo, omba barua ya shirika la ndege inayosema ndege imefutwa, uende nayo kwenye polisi wa uhamiaji. Italia ni Questura. Sheria ya viza inaruhusu kuongezewa muda bila malipo kwa sababu iliyo nje ya uwezo wako, lakini ni lazima uithibitishe, na uombe kabla siku hazijaisha.

*Mwanachama, Lamu:* Nina viza ya kuingia mara nyingi. Nikitoka Roma asubuhi kwenda Tunis na kurudi usiku uleule, siku hiyo ni moja au mbili?

Moja, kwa sababu ni tarehe moja. Ukirudi baada ya saa sita ya usiku, tarehe ya kutoka imehesabiwa na ya kurudi imehesabiwa, kwa hiyo hukuokoa chochote. Ili siku ipunguzwe kweli, lazima iwepo tarehe nzima, tangu saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku, ambayo hukuwa ndani kabisa.