Somo: Jinsi tanuri la Wahaya lilivyotoa feleji moja kwa moja kutoka kwenye mawe

Habari zenu mafundi. Wengi wetu hapa Moshi tumewaona wahunzi wa Mamba wakifua majembe na mikuki kwa mivukuto ya ngozi. Siku hizi wanafua vyuma chakavu. Zamani chuma chao kilitoka Upare, ambako ukoo wa Washana ulichekecha mchanga mweusi wa mitoni na kuuyeyusha. Katika kikundi chetu swali limekuwa likirudi: bonge lililotoka kwenye matanuri ya udongo lilikuwa chuma laini tu, au lilikuwa feleji?

Nimechagua kujibu kwa tanuri la Wahaya wa Kagera kwa sababu ndilo lililojengwa upya na kupimwa. Mwaka 1976 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliwaomba wazee wa Buhaya, waliofanya kazi hiyo ujanani, wajenge tanuri kama walivyofundishwa. Kazi ilikuwa imekoma miaka mingi kabla, baada ya chuma rahisi cha Ulaya kujaa sokoni, na ilibidi wazee wajaribu na kurekebisha mpaka wakapata bonge zuri. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Mashimo ya matanuri ya namna hiyo yaliyochimbwa karibu na Ghuba ya Kemondo, kando ya Ziwa Viktoria, ni ya karne za mwanzo baada ya Kristo.

Kabla ya hatua, tuelewane kuhusu feleji. Ni chuma chenye kaboni kidogo ndani yake, tuseme kati ya nusu na moja kwa mia kwa kisu au shoka. Kaboni ikikosekana, chuma ni laini na makali hayakai. Ikizidi mbili kwa mia, unapata chuma cha kusubu, ambacho nyundo inakivunja. Kwa hiyo shida ya myeyushaji ni kuingiza kaboni kwa kiasi. Ulaya, kwa karne nyingi, walitoa kwanza chuma laini, kisha waliotaka feleji nyingi walifungia vipande vyake pamoja na mkaa ndani ya masanduku na kuvichoma kwa siku nyingi ili kaboni ipenye. Njia ya Bessemer ya kutengeneza feleji kwa wingi ilikuja mwaka 1856. Mhaya alimaliza kazi zote mbili ndani ya shimo moja, kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: shimo. Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Wazee walichimba shimo la duara na kulipaka ndani udongo wa kichuguu. Mchwa huchagua chembe laini na kuzishikamanisha, kwa hiyo udongo huo hustahimili moto bila kupasuka ovyo. Kisha walijaza shimo matete na majani ya kinamasi na kuyachoma humo humo. Hawakuyaacha yawe majivu. Walitaka mabua yaliyoungua yakawa meusi, bado yamesimama na kushikana, yenye nafasi kati yake.

Kazi ya mabua hayo ni hii. Tanuri likiwaka, mawe ya chuma yanayoshuka huyeyuka nusu, na matone yake yenye oksidi ya chuma hudondokea kwenye matete. Bua la tete lililoungua ni kaboni kwa sehemu kubwa. Oksidi ikiligusa, oksijeni huondoka na chembe ya chuma huota papo hapo, na kwa kuwa imeota juu ya kaboni, hunyonya sehemu ya kaboni hiyo. Ndiyo maana bonge hutoka likiwa feleji tayari, si chuma laini kinachosubiri kurekebishwa. Mavi ya chuma, yaani takataka ya mawe iliyoyeyuka na kuganda, yaliyofukuliwa Buhaya yana alama za mabua ya matete, kwa hiyo tunajua watu wa kale walifanya vivyo hivyo.

Hatua ya pili: kuoka mawe. Mawe ya chuma hupangwa na kuni na kuchomwa kwanza. Maji hutoka, jiwe hupata nyufa, na gesi ya tanuri baadaye hupenya ndani. Yapondeponde hadi yawe ya ukubwa wa kokoto ndogo. Unga uondoe, kwa sababu huziba njia ya hewa.

Hatua ya tatu: mnara na mabomba. Juu ya shimo walijenga mnara wa karibu mita 1.4, mwembamba juu kuliko chini, kwa mabonge ya zamani ya mavi ya chuma yaliyounganishwa kwa udongo wa kichuguu. Chini ya mnara, kuzunguka pande zote, waliweka mabomba manane ya udongo, kila bomba na mvukuto wake.

Zingatia mabomba yanakoishia. Katika matanuri mengi mdomo wa bomba huishia ukutani. Wahaya waliyasukuma mpaka ndani, karibu na kati, na sehemu kubwa ya bomba ikakaa ndani ya moto. Faida moja haina ubishi: sehemu yenye moto mkali huwa katikati, juu ya matete, badala ya kula ukuta. Bomba lenyewe huyeyuka ncha polepole, na hilo limo katika hesabu.

Hatua ya nne: kuvukuta. Washa na ujaze mkaa mpaka mnara uwe moto, ndipo uanze kuongeza mawe na mkaa kwa zamu. Kazi ya wazee ilichukua kama saa saba au nane bila mivukuto kupumzika. Mvukuto hausukumwi kwa nguvu za ghafla, bali kwa mapigo mafupi yasiyokatika, na wavukutaji hupokezana kabla hawajachoka. Mdomo wa mvukuto usizibwe kabisa kwenye bomba. Uache nafasi ndogo, la sivyo ngozi ikivuta hewa itavuta moto.

Chungulia ndani ya bomba. Rangi ya machungwa maana yake joto halitoshi na mavi hayatatiririka. Njano inayokaribia weupe ndiyo unayotaka. Bomba likionekana jeusi, limezibwa na mavi yaliyoganda, na itabidi ulizibue kwa fimbo mbichi. Juu ya mnara angalia kama mkaa unashuka. Ukisimama huku moto wa chini unaendelea, mawe yamekwama na kufanya daraja. Yasukume kwa mti mrefu mapema, kabla chini hapajawa tupu.

Gesi inayofanya kazi hii ni kaboni monoksaidi, ambayo huua bila harufu. Kazi hii ni ya uwanjani, kamwe si ndani ya banda.

Hatua ya tano: kutoa bonge. Mnara hubomolewa. Bonge hutolewa likiwa jekundu, limejaa vitundu na mavi. Ligonge kidogo kidogo kwa gogo au nyundo ya mti. Ukianza na nyundo nzito ya chuma litasambaratika.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Boma Ng'ombe:* Shikamoo fundi. Mimi nina bloa ya umeme ya kufulia chuma. Naweza kuitumia badala ya mivukuto?

Marahaba. Unaweza, ila usiielekeze yote kwenye bomba moja. Hewa nyingi mahali pamoja hutoboa ukuta na huchoma tena chuma kilichokwisha kuota mbele ya bomba. Gawanya hewa kwenye mabomba matatu au manne na uweke valvu kila moja. Jambo la pili ni uwiano: ukizidisha sana mkaa kuliko mawe huku hewa ni kali, kaboni itazidi na utapata chuma cha kusubu. Anza na kilo moja ya mkaa kwa kilo moja ya mawe, kisha rekebisha kufuatana na unachokiona.

*Mwanachama wa Mwika:* Kaka, nina mawe mekundu mazito. Kilo kumi zitanipa chuma kiasi gani?

Dada, inategemea mchanga uliomo kuliko wekundu wake. Tuseme kilo 10 zina kilo 8.5 za oksidi nyekundu ya chuma na kilo 1 ya silika, yaani mchanga huo. Katika oksidi hiyo, asilimia 70 ni chuma, kwa hiyo unaanza na karibu kilo 6. Lakini silika haiyeyuki peke yake kwa joto letu. Hushikana na oksidi ya chuma na kuwa mavi, na kila kilo ya silika huondoka na karibu kilo 1.9 za chuma. Umebaki na kilo 4. Ukuta na mabomba yakiyeyuka na kuongeza nusu kilo ya silika, unashuka hadi kilo 3 na kidogo.

Sasa chukua mawe mabaya: kilo 7 za oksidi na kilo 2.5 za silika. Chuma ni kilo 4.9, silika inadai kilo 4.7. Utavukuta siku nzima na kupata mavi matupu. Kwa hiyo saga kidogo, oshea kwenye beseni kama mchanga wa dhahabu, uone kinachobaki chini. Na usiwalaumu wazee kwa mavi yenye chuma kingi. Bila chuma hicho mavi hayatiririki na bonge halijitengi.

*Mwanachama wa Arusha:* Mwalimu, nimesoma kwamba mabomba yale yalipasha hewa joto kabla haijaingia, karne nyingi kabla ya Neilson wa Uskoti aliyepata hataza ya kupasha hewa ya tanuri mwaka 1828. Ni kweli?

Hiyo ndiyo hoja ya Schmidt na Avery. Walipima joto la zaidi ya nyuzi 1,800 za Selsiasi karibu na midomo ya mabomba, na walilieleza kwa kusema hewa ilipata moto ikipita ndani ya bomba lililozama. Mwaka 1986 mtaalamu wa metali J. E. Rehder aliwapinga: hewa hupita haraka mno kupata joto la maana, na mkaa mzuri wenye hewa ya kutosha unaweza kufika huko wenyewe. Kwa maoni yangu Rehder anapunguza kishindo cha hoja ya mabomba, lakini hagusi matete. Vipande vilivyokatwa na kutazamwa kwa hadubini vina kaboni ya feleji, na hilo linasimama hata kama hewa iliingia baridi.

*Mwanachama wa Majengo:* Nitajuaje bonge langu ni feleji na si chuma laini?

Pima sehemu kadhaa, kwa sababu bonge moja huwa na kaboni tofauti upande hadi upande. Gusa kwa grainda: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, feleji hutoa cheche zinazopasuka matawi mengi mwishoni. Kisha kata kipande chembamba, kifue, kipashe hadi sumaku isishike tena, ukitose majini. Pitisha tupa. Ikiteleza kama juu ya kioo, ni feleji. Ikila, ni laini. Kikipasuka kabla hujamaliza kukifua, ama kaboni imezidi au bado kina mavi ndani, na hapo angalia uso uliovunjika: mavi huonekana kama vipande vya kioo cheusi, kaboni nyingi huacha uso wa kijivu au mweupe wenye chembechembe. Sehemu ngumu zitenge za makali, sehemu laini za mgongo wa shoka.